Waraka wa usafi jikoni: mjibu mpishi anayesema "nimeuchemsha upya"

*Mtaalamu, shikamoo. Ninasimamia mgahawa hapa Kigoma mjini, jikoni nina watu tisa. Mwezi uliopita tulipikia semina chakula cha mchana. Walikula saa saba, na kabla ya saa kumi jioni watu kadhaa walikuwa wameshatapika. Wote walipona siku ileile. Nimekuja kujua kuwa wali wa jana yake ulichanganywa na mpya. Bosi anataka nitoe waraka wa kanuni mpya za usafi. Wa mwaka jana una kanuni ishirini na mbili, umebandikwa ukutani na hakuna anayeufuata. Mpishi wangu mkubwa ni mtu mzima na mzoefu. Nikimwambia wali uliolala usitumike ananijibu: "Nimeuchemsha upya mpaka ukafuka moshi, tatizo liko wapi?" Sina cha kumjibu. Waraka huu niuandikeje?*

Marahaba. Anza na swali la mpishi wako, maana ni swali la haki. Mtu huyo amefundishwa tangu utotoni kwamba moto unaua vijidudu, na kwa sehemu kubwa ya chakula chake ni kweli. Maziwa yakichemka vizuri, kuku akiiva mpaka kwenye mfupa, hatari inakwisha. Waraka ukimwambia tu "usitumie kiporo kwa ajili ya usafi", yeye anaona usafi ameshaufanya kwa moto. Kila kanuni utakayoandika ina mtu jikoni ambaye tayari ana jibu lake kichwani. Sababu unayoiandika lazima ilijibu jibu hilo, la sivyo waraka wa pili utakwenda kukaa ukutani kando ya wa kwanza.

Basi mweleze hivi. Mchele unatoka shambani ukiwa na bakteria wa udongoni, jina lake Basilasi sereusi. Akikosa chakula au mazingira yakiwa magumu, hujifungia ndani ya ganda gumu, na kuchemka kwa wali hakumuui. Wali ukishaiva, joto likishuka chini ya nyuzi 60, anatoka kwenye ganda na kuanza kuzaliana. Anastawi sana wali ukiwa vuguvugu, kati ya nyuzi 30 na 40. Wanapokuwa wengi wanaacha sumu ndani ya wali, na sumu hiyo ndiyo inayotapisha. Kesho yake mpishi akiuchemsha upya anawaua bakteria wenyewe, lakini sumu inabaki vilevile. Haiharibiwi na moto wa jikoni, hata akiukaanga kwa mafuta ya mawese. Tena haina harufu wala ladha. Kwa hiyo kile kipimo chake cha kunusa na kusema "haujachacha" hakimsaidii hapa.

Saa za wageni wako nazo zinasimulia jambo hilohilo. Sumu ya namna hii hutapisha kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula, na mara nyingi mtu hupona ndani ya siku moja. Kipindupindu kingeanza kwa kuhara maji, si kutapika na kupona jioni. Salmonela kwa kawaida humchukua mtu saa sita mpaka siku tatu kabla ya kuugua, na homa ya matumbo huchukua wiki au zaidi. Sampuli ya chakula haikuhifadhiwa, kwa hiyo hakuna anayeweza kukuapia kuwa ni wali. Bakteria wa usaha, wale wanaokaa kwenye vidonda na puani, nao wanaacha sumu inayotapisha kwa kasi hiyohiyo na isiyoondoka kwa moto. Lakini wote wawili wanahitaji kitu kimoja ili wafike hapo: chakula kilichokaa vuguvugu kwa muda mrefu. Ndiyo maana ningekushauri waraka wako uwe na kanuni nne tu, na ya wali itangulie.

Kichwa kiwe cha kawaida kama waraka wowote wa ofisi: kutoka kwa nani, kwenda kwa nani, tarehe, na "YAH: KANUNI MPYA ZA USAFI JIKONI". Halafu nenda moja kwa moja kwenye kilichotokea. Usikizunguke, kwa sababu jikoni wote wanakijua na wanakisemea pembeni:

> Ndugu zangu wa jikoni. Mwezi uliopita wageni wa semina walitapika masaa machache baada ya kula chakula chetu. Hatumtafuti wa kumlaumu. Tulivyokuwa tunafanya kazi ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa. Kuanzia Jumatatu tunabadilisha mambo manne, na kila moja tumeliandikia sababu yake. Mwenye swali aulize kwenye kikao cha Jumamosi.

> Moja. Wali haulali kwenye sufuria. Wali ulioiva unakaa kwenye moto, ukiwa na joto la nyuzi 60 au zaidi, mpaka unapopakuliwa. Ukitolewa kwenye moto una masaa mawili: uwe umeliwa, au umetandazwa kwenye sinia na kuingia friji. Uliopita hapo unatupwa. Sababu: wali unaopoa polepole unatengeneza sumu ambayo kuchemsha upya hakuiondoi, na ambayo pua na ulimi haviitambui.

Sasa hapo kwenye "polepole" ndipo pa kukaa na wapishi wako, kwa sababu hawaamini kwamba sufuria inakaa na joto muda wote huo. Chukueni sufuria ya kilo kumi za mchele. Imefunikwa, imepaliwa makaa juu ya mfuniko, na wakati huo wali ni salama kabisa kwa sababu ni wa moto. Saa tatu usiku mnafunga, makaa yanazimika, mfuniko unabaki. Wali wa pembeni unapoa mapema, wa katikati unakaa na joto usiku kucha, na kati yake kuna tabaka zima la wali ulio katika joto lile bakteria wanalolipenda. Asubuhi mpishi akigusa juu anakuta umepoa, anaona umelala vizuri.

Usimwambie kwa maneno, mpe kipimajoto cha chakula, kile chenye sindano ndefu. Siku moja acheni sufuria ya wali mliokwisha kuamua kuutupa, na saa kumi na mbili asubuhi mpishi mkubwa mwenyewe achome sindano mpaka katikati, asome mbele ya wenzake, kisha asome na pembeni. Namba atakazoziona zitafanya kazi kuliko waraka mzima. Kabla ya hapo kijaribuni kipimajoto. Kwenye maji yenye barafu nyingi kinatakiwa kisome 0. Kwenye maji yanayotokota, hapa Kigoma kitasoma karibu 97, si 100, na hilo si kosa la kipimajoto. Ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Nimeona vipimajoto vizima vikitupwa kwa sababu hiyo tu.

Kupoza kwenyewe kunakwenda hivi. Wali unatandazwa kwenye sinia au trei pana, kina kisizidi vidole vitatu, ambavyo ni kama sentimita tano. Unaachwa mahali penye hewa, umefunikwa wavu inzi wasitue, na mvuke ukishakatika unaingia friji. Ukiuingiza ukiwa ndani ya sufuria hujafanya kitu, katikati patabaki na joto na friji yenyewe itapanda joto. Na umeme ukikatika, friji ambayo haifunguliwi inabaki na ubaridi kama masaa manne. Mtu wa zamu aandike saa uliokatika kwenye karatasi mlangoni. Ukizidi hapo, kilichopikwa hakitumiki.

Ukweli ni kwamba migahawa mingi ya mjini haina friji ya kubeba sinia sita za wali. Kwa hiyo suluhisho lenu kubwa halimo kwenye kupoza, limo kwenye kutobakiza. Badala ya kupika kilo kumi saa tano asubuhi, pikeni sita ziwe tayari saa sita mchana, halafu mwangalieni mteja. Watu wakiendelea kuja, saa saba kasoro anzisheni nne nyingine. Kwa mlolongo huo kinachobaki jioni ni cha watu kula, si cha kulala. Bosi ataguna kuhusu mkaa wa ziada. Mwekee mezani hesabu mbili, ya mkaa huo kwa mwezi na ya semina moja isiyorudi, naye achague.

Maharage yanafuata kanuni hiyohiyo, na mchuzi mzito pia. Dagaa wa kukaanga kwa mafuta mpaka wakakauka hawana shida sana, maana hawana maji ya kumlea bakteria. Usiwapangie masharti yasiyo na sababu, mpishi akiigundua moja isiyo na maana atazidharau na zile zenye maana.

> Mbili. Anayeharisha au kutapika haingii jikoni, na harudi mpaka yapite masaa 48 tangu dalili zikome. Mwenye kidonda chenye usaha mkononi hashiki chakula kilichoiva mpaka kipone. Anatoa taarifa kwa simu kwa msimamizi. Hatakatwa malipo ya siku hizo. Sababu: mtu aliyepona kuharisha anaendelea kutoa vijidudu kwa siku kadhaa, na usaha una bakteria ambao sumu yao haifi kwa moto.

Katika kanuni zote nne, hii ndiyo inayovunjwa kimyakimya zaidi, na kisa chake si uchafu. Ni hela. Mhudumu anayelipwa kwa siku akiugua tumbo usiku, asubuhi anameza dawa ya kuzuia kuhara anakuja kazini, kwa sababu asipokuja watoto hawali. Sentensi ya "hatakatwa malipo" ndiyo inayoibeba kanuni. Bosi akikataa kuiweka, afadhali usiiandike kanuni yenyewe, kwa sababu utakuwa umewafundisha watu kukuficha. Wale walioajiriwa rasmi wana haki hiyo tayari: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawapa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, mradi walete cheti cha daktari. Vibarua ndio mnaopaswa kuwaamulia nyinyi wenyewe. Siku mbili au tatu za kibarua mmoja si pesa ya kuiumiza biashara.

Kwa aliyejikata kisu, kidonda kikiwa kisafi bila usaha, kinaoshwa, kinafungwa plasta, na juu yake inavaliwa glovu. Nunueni plasta za rangi ya buluu. Hakuna chakula cha buluu jikoni kwenu, kwa hiyo ikidondoka kwenye mboga inaonekana.

> Tatu. Kila mtu ananawa kwa sabuni na maji yanayotiririka: akiingia zamu, akitoka chooni, akimaliza kushika samaki au nyama mbichi, akishika pesa au simu, na kabla ya kushika chakula kinacholiwa bila kupikwa. Anasugua kwa sekunde 20, viganja, katikati ya vidole na chini ya kucha. Sababu: mtu anaweza kubeba vijidudu vya kipindupindu bila kuumwa hata kidogo.

Jibu mtakalokutana nalo hapa ni "mimi siumwi". Watu wa Kigoma wanakumbuka Mei 2015, kipindupindu kilipolipuka Kagunga walikokuwa wamejaa wakimbizi kutoka Burundi. Wanachokumbuka ni wagonjwa waliolazwa. Wasichokijua wengi ni kwamba sehemu kubwa ya watu wanaoingiwa na kijidudu hicho hawaoni dalili yoyote, au wanaharisha kidogo tu, na wakati huohuo wanakitoa chooni kwa siku kadhaa. Kwa hiyo kunawa hakumtuhumu mtu kuwa ni mchafu au mgonjwa. Hakuna anayejijua, basi wote wananawa. Liseme hivyo kikaoni, hasa kwa wale wakubwa kwa umri, maana kumwambia mama wa watu akanawe mbele ya vijana bila kumweleza ni kumvunjia heshima.

Lakini angalia kwanza njia ya kufika kwenye maji. Kama pa kunawia ni nje nyuma ya stoo, mpishi mwenye sufuria tatu motoni hatakwenda, hata umwandikie nini. Ndoo yenye koki iwekwe hatua mbili kutoka alipo, sabuni imefungwa pembeni, beseni chini. Beseni la kuchovyea mikono watu wote liondolewe, kwa kuwa wa tano ananawa uchafu wa wanne. Mikono ikauke kwa hewa au kwa karatasi, si kwa aprani. Sabuni ya mche mmoja ikikaa wiki nzima bila kupungua, umeshajua kinachoendelea bila kumuuliza mtu.

> Nne. Kibao na kisu cha samaki na nyama mbichi ni kimoja, cha kachumbari na matunda ni kingine. Havibadilishani. Baada ya kila mlo vibao, visu na vitambaa vinaoshwa kwa sabuni, vinasuuzwa, kisha vinaloweka dakika kumi kwenye maji ya jiki. Sababu: kachumbari haipiti motoni, kwa hiyo chochote kilichoko kwenye kibao kinafika kwa mteja.

Hii wapishi wanaielewa haraka ukiwaonyesha kibao cha mbao chenye mikwaruzo ambacho juu yake mgebuka umetolewa matumbo asubuhi. Kukifuta kwa tambara hakutoi kitu kilichoingia kwenye mikwaruzo, na tambara lenyewe linakwenda kufuta sahani zinazofuata. Chorea kibao kimoja alama ya samaki kwa msumari wa moto, ili hata aliyeanza kazi leo asikosee.

Kwenye jiki watu wanakosea kwa kumimina kwa macho. Jiki ya kawaida ya madukani ina nguvu ya asilimia 3.5, isome kwenye chupa kwanza kwa sababu zipo zenye nguvu nyingine. Kwa hiyo ya asilimia 3.5, kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kinatosha lita moja ya maji. Ndoo ya lita kumi ni mililita 50. Maji yawe ya baridi, na yatengenezwe upya kila siku, maana jiki inaisha nguvu kwa joto, kwa jua na kwa uchafu. Ndiyo sababu ya kuosha kwa sabuni na kusuuza kwanza: kibao chenye utelezi wa samaki kinaimaliza nguvu kabla haijafika kwa vijidudu. Msiichanganye kamwe na siki, ndimu au dawa ya choo, inatoa hewa inayochoma mapafu. Kabla ya kutumika tena, vibao vikauke vikiwa vimesimama.

Kofia, kucha fupi, pete na aprani safi viandike kwa mstari mmoja mwishoni. Wanavijua tayari, na waraka wa mwaka jana umevisema. Zile ishirini na mbili zing'oe ukutani siku hiyohiyo, vinginevyo watu hawatajua zipi ndizo za kufuata.

Waraka usomwe kwa sauti kikaoni, ukurasa usizidi mmoja na nusu, na mpishi mkubwa akabidhiwe kipimajoto na daftari lake mbele ya wote. Yeye ndiye aandike joto la wali saa sita, saa nane na saa kumi. Akiwa ndiye anayepima hatakuwa anapimwa, na hapo utaona namna anavyobadilika. Ukikagua daftari, tazama namba zenyewe. Joto la kweli halikai 65, 65, 65 wiki nzima kwa wino wa kalamu moja. Ukiona hivyo, limejazwa kwa pamoja Ijumaa. Usigombe. Nenda jikoni saa nane siku inayofuata, mkapime pamoja.

Halafu ongeza zoezi moja ambalo halikuwepo siku ya semina. Kila mnapopikia kundi, chukueni kiasi cha kikombe kimoja cha kila chakula, kwa kijiko kisafi, kwenye chombo chenye mfuniko, mwandike tarehe na saa, kikae friji siku tatu. Siku watu wawili au zaidi wakiugua baada ya kula pamoja, mpigie afisa afya wa kata au wa manispaa siku hiyohiyo, umkabidhi sampuli hizo pamoja na orodha ya nani alikula nini na aliugua saa ngapi.

Kikao kiwe Jumamosi baada ya mlo wa mchana, na wali wa siku hiyo upikwe kwa mikupuo miwili, ili Jumatatu isiwe mara yao ya kwanza.